Salamu kwa Aliye Hai

Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, andiko linalosomwa mbele ya watu mara nyingi kupita yote, ukiacha yale ya ibada, ni wasifu wa marehemu. Mtu husimama karibu na jeneza na karatasi mkononi, akataja mwaka wa kuzaliwa na kijiji, shule na kazi, ndoa na idadi ya watoto na wajukuu, kisha ugonjwa, kisha siku na saa ya kufariki. Na kwa kuwa sote tumelisikia andiko hilo tangu utoto, mpangilio wake umetukaa akilini kiasi kwamba tukiambiwa tuandike habari za maisha ya mtu yeyote yule, kalamu hushika njia hiyo hiyo bila ya sisi kukusudia. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo lililokuwa hatari kubwa katika kazi ninayotaka kuisimulia, nayo ni kutunga maneno ya filamu fupi ya salamu za marafiki, iliyoandaliwa kwa siri ili kumfurahisha mama yangu mkubwa wa Kasanda siku alipotimiza miaka 70.

Kasanda iko katika Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na mama mkubwa ni mkunga mstaafu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akizalisha akina mama wa huko, wengine wakimpelekea baadaye mabinti zao nao awazalishe. Kusherehekea siku ya kuzaliwa hakukuwa ada ya wazee wa rika lake. Wao huihesabu miaka kwa matukio, kama vile ile operesheni ya kuwahamishia watu vijijini iliyoufikia mkoa wa Kigoma mwaka 1972, na siku yenyewe aliyozaliwa tuliipata katika cheti chake cha ubatizo, kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia. Wajukuu walioko Dar es Salaam ndio waliotoa shauri la filamu. Wao wenyewe wangekuja kwa basi, lakini masahibu zake wa tangu ujana wametawanyika, huyu Kasulu, huyu Ujiji, huyu ng'ambo ya mpaka nchini Burundi, na baadhi yao hawawezi tena kusafiri. Basi ikaonekana kwamba kama hawawezi kuja wao, na zije nyuso na sauti zao.

Kukusanya salamu kwa simu ni kazi nyepesi, lakini kukusanya salamu zenye kusikilizika ni kazi nyingine kabisa. Ukimwambia mtu, "Tuma salamu zako kwa Mama," atakutumia dua njema ya maisha marefu, afya na baraka, na atakayemfuata atatuma dua ile ile, hata ufikapo mtu wa tano msikilizaji amekwisha kuzoea, naye hasikii tena. Dua si mbaya, na mwisho wa kila salamu mahali pake papo. Ila haiwezi kuwa salamu nzima. Kwa hiyo ujumbe tuliowapelekea wale wanane tuliowachagua ulikuwa na ombi moja tu la maana: simulia jambo moja ambalo wewe na yeye mlilifanya pamoja, utaje mahali lilipotendeka, na useme naye mwenyewe, usiseme habari zake. Tuliomba pia wasizidi dakika moja, simu waishike kwa kuilaza ili picha ienee kioo chote cha televisheni, wakae wakiuelekea mwanga wa mlango badala ya kuupa kisogo, na wanyamaze kama sekunde 3 kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ukimya huo mdogo, ambao wengi huuona kuwa ni kupoteza muda, ndio mahali ambapo mhariri hupata pa kukata bila ya kumega neno la mtu. Na waliporekodi tuliwaelekeza waitume picha katika WhatsApp kama hati, si kama video ya kawaida, maana ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na uso ulio safi katika simu hufika umejaa ukungu.

Lipo jambo moja la Buha, nchi ya Waha, ambalo lilimpa mhariri wetu, mpwa wangu aliyelelewa mjini, taabu ya kwanza. Muha wa makamo anapomsalimu mtu anayemheshimu hupiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimepinda kidogo, huku akiinamisha kichwa na kuuliza habari moja baada ya nyingine, na salamu hiyo haina haraka. Katika salamu ya mzee mmoja, kijana aliona sekunde 15 za makofi kuwa ni utangulizi tu, akazikata, akaanzia pale mzee alipoanza kusimulia. Ilitubidi tumweleze kwamba kwa mwenye kusalimiwa utangulizi huo ndio salamu yenyewe, na mzee aliyeanza kusema bila ya makofi angeonekana amemwingilia mama mkubwa kama askari wa kodi. Akayarudisha. Hapo tena ikazuka shida ya pili, kwamba makofi yaliyopigwa karibu na simu huifanya sauti ipasuke, nawe huwezi kuinyoosha tena. Kwa hiyo ikambidi apunguze sauti ya sehemu ile peke yake, aipandishe mtu alipoanza kusema, kisha azisikilize salamu zote mfululizo akiwa amefumba macho, ili ajue ni wapi msikilizaji atalazimika kutafuta kifaa cha kuongezea sauti na ni wapi ataziba masikio.

Salamu zilipokuwa tayari kilibaki kile nilichoitiwa mimi, yaani madaraja, maneno ya msimulizi yenye kuunga salamu moja na nyingine. Sisi tuliokua na redio ya Tanzania tunalifahamu jambo hili tangu zamani. Katika vipindi vya salamu kama Ugua Pole, mtangazaji alikuwa na kadi mezani na nyimbo kando, na ustadi wake wote ulikuwa katika yale maneno machache aliyoyasema katikati, ambayo yaliwafanya wasikilizaji wasiomjua mgonjwa wa Tabora wala nduguye wa Mtwara waone kwamba wanawajua. Baadaye, tangu mwaka 1995, Radio Kwizera ya Ngara ilizifikia nyumba za Kibondo na kambi za wakimbizi, na huko pia tulisikia jinsi sauti moja tulivu inavyoweza kuzishika pamoja habari za watu waliotengana.

Rasimu ya kwanza iliandikwa na vijana wa familia, nayo ilikuwa Kiswahili safi. Tukaenda kumsomea mjomba, kaka yake mama mkubwa, ambaye ni katekista mstaafu na ndiye aliyesoma wasifu katika mazishi mengi ya kata ile. Akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza, "Wajomba zangu, dada yangu huyu mnamzika lini?" Hakuna aliyejibu. Akaendelea kwa upole, "Maneno haya ninayo katika daftari langu. Mimi huyasema mtu akiwa hawezi kuyasikia. Dada yangu yuko nyumbani kwake anachambua maharage."

Tulipoirudia karatasi ile tuliona kwamba kila alilolisema lilikuwa dhahiri. Rasimu ilianza na mwaka wa kuzaliwa na jina la kijiji, ikapanda ngazi kwa ngazi kwa mfuatano wa miaka, na karibu kila kitenzi kilikuwa cha wakati uliopita. Daraja la kumleta rafiki aliyesoma naye uuguzi lilikuwa hivi: "Baada ya kuhitimu shule alijiunga na chuo cha uuguzi, ambako alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na upendo kwa watu wote. Mmoja wa wale aliosoma nao anatueleza zaidi." Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini "alikuwa mwenye upendo" ni sifa ya mtu aliyeondoka, kwani aliye hai bado ana upendo wake asubuhi hii. Na "anatueleza" humweka mwenye sherehe nje ya mazungumzo, wengine wakizungumza juu yake ilhali yeye amelala. Ongeza hapo picha za kale zisizo na rangi, kinanda cha taratibu kilichowekwa chini ya sauti, na jina lake likitokea pole pole katikati ya maua meupe, nawe umekwisha kutengeneza taazia.

Dawa tulizozitumia zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa ni kumgeukia mwenyewe: msimulizi aseme "wewe" tangu neno la mwanzo hadi la mwisho, maana wasifu wa marehemu hausemi na marehemu. Ya pili ilikuwa ni kuanza kila daraja na jambo analolifanya siku hizi, ndipo rafiki mwenyewe, kwa ulimi wake, aurudie wakati uliopita kama apendavyo. Daraja lile lile likawa hivi:

"Mama, Jumapili ukitoka kanisani simu yako hulia kabla hujavua viatu, nawe hupokea bila ya kutazama jina. Leo simu hiyo tumeiwahi sisi. Yuko Kasulu, na ana neno kuhusu blanketi."

Msomaji aangalie jinsi maneno hayo yanavyofanya kazi. Hayamtaji rafiki kwa jina, kwa sababu jina lake litaandikwa chini ya picha mara atakapotokea, na mama mkubwa aachiwe furaha ya kumtambua kabla hajaonekana. Hayasemi kwamba walisoma pamoja, kwa sababu rafiki atalisema hilo mwenyewe. Yanataja blanketi bila ya kueleza ni blanketi gani, kwa kuwa kisa ni cha rafiki: jinsi wanafunzi wawili walivyolala chini ya blanketi moja katika baridi ya Juni, kila mmoja akilivuta upande wake, hata likapasuka katikati. Daraja linalosimulia kisa kabla ya mwenye kisa humfanya mgeni arudie yaliyokwisha kusemwa, na hapo ndipo watazamaji huanza kusogoa. Kipimo cha kulitambua daraja la namna hiyo ni rahisi: soma sentensi yake ya mwisho, kisha sikiliza sentensi ya kwanza ya rafiki, na kama zote mbili zinasema jambo moja, ya kwako ndiyo ya kufutwa.

Maneno yale yanafika 28, na nilipoyasoma kwa mwendo wa mtu anayezungumza na mkubwa wake yalichukua karibu sekunde 15. Hicho ndicho kiasi tulichojiwekea. Daraja likipungua sekunde 8 huwa ni tangazo tu la kwamba fulani anafuata, na likizidi sekunde 20 watazamaji wanaanza kumtazama msimulizi, ambaye si yeye waliyemjia. Tuliyaandika maneno katika daftari lililopigwa mstari katikati ya ukurasa, upande wa kushoto picha itakayoonekana na upande wa kulia sauti itakayosikika, kila sehemu na sekunde zake; na faida yake ilionekana mara moja, kwani pale upande wa kulia ulipojaa maneno ilhali wa kushoto hauna kitu cha kuonyesha, tulijua kwamba tunahubiri. Salamu 8 za takriban dakika moja moja, madaraja 7, maneno ya kufungulia na ya kumalizia, vyote pamoja havikufika dakika 12.

Sauti yangu niliirekodi chumbani usiku, madirisha yakiwa yamefungwa na magodoro yameegemezwa ukutani ili mwangwi usirudi, simu ikiwa mbali na kinywa kiasi cha shubiri moja na imewekwa pembeni kidogo, kwa sababu pumzi ya herufi kama p na b ikiipiga simu uso kwa uso huacha kishindo. Ilikuwa majira ya mvua, na mvua ya Kigoma juu ya mabati haimwachii mtu nafasi ya kusema, kwa hiyo tulingoja ipite. Muziki uliwekwa chini ya madaraja tu, nao ukanyamaza kila mgeni alipofumbua kinywa, ili pumzi yake, kuku wa uani kwake na mlango uliofunguka nyuma yake visikike kama vilivyo.

Katika mpangilio hatukufuata miaka, kwa sababu miaka ndiyo ngazi ya wasifu. Tulianza na kijana wa bodaboda ambaye mama mkubwa alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa, naye hadi leo hamtozi nauli, tukijua kwamba watu wangecheka. Tukaweka ya blanketi. Kisha ikafuata ile tuliyojua kuwa ndiyo nzito kuliko zote, nayo haikuwekwa mwanzo wala mwisho, bali katikati, palipo na nafasi ya watu kulia na nafasi ya kufuta machozi.

Hiyo ilikuwa salamu ya mwanamke wa Ruyigi, aliyevuka mpaka na kuingia Tanzania katika machafuko yaliyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993, akiwa mja mzito. Mama mkubwa ndiye aliyemzalisha, na urafiki wao haukukoma hata baada ya yule mwenzake kurejea kwao. Alisema kwa Kirundi, na kwa kuwa Kirundi na Kiha husikilizana, mama mkubwa hakuhitaji msaada wowote. Waliouhitaji ni wajukuu wa Dar es Salaam. Kwa ajili yao tuliandika maneno ya Kiswahili chini ya picha, yasizidi mistari miwili kwa mara moja na yakae si chini ya sekunde 3, maana mtu anayesoma hawezi wakati huo huo kuutazama uso, na uso ule ulistahili kutazamwa. Alisimulia usiku wa kujifungua kwake, mvua ikinyesha, taa ya chemli ikipepesuka, na mkunga akivua kanga yake mwenyewe kumfunika mtoto. Daraja la kumleta lilikuwa fupi kuliko yote: "Na huyu, Mama, unajua kwamba hatuwezi kumtangulizia maneno." Maneno 8, kisha sekunde 2 za ukimya.

Mahali pamoja tuliuacha wakati uliopita ubaki, nao ni pale tulipomtaja mhudumu mwenzake wa zahanati ambaye amekwisha kufariki. Kumruka kungekuwa dhuluma, kwani kila mtu ukumbini angemtafuta. Tulimtaja katika sentensi moja, picha yao wawili wakiwa wamesimama mlangoni mwa zahanati, kisha salamu iliyofuata ikawa ya mwanawe, aliyekuja na kisa cha kuchekesha kuhusu baiskeli ya baba yake. Kwa njia hiyo marehemu alipata haki yake, na wasifu ukakaa kwake yeye peke yake.

Mwisho ndio uliotuchukua mazungumzo marefu. Vijana walitaka maneno ya kumshukuru kwa yote aliyoyatenda, na mjomba akakataa katakata, akisema kwamba shukrani kwa yote ni hesabu ya kufunga daftari. Basi tukazipitia salamu zote upya, tukitafuta ndani yake mambo ambayo bado hayajatendeka, nayo yalikuwemo bila ya sisi kuyaomba: rafiki wa Kasulu aliahidi kuja Disemba, mwanamke wa Ruyigi alisema yuko mjukuu mchanga anayetaka kutazamwa na mkunga wa nyanya yake, na jirani wa mwisho, mwanamke wa rika lake ambaye miguu haimbebi tena, alisema Jumamosi ana kunde za kumenya na hataki kumenya peke yake. Nikayaunga hayo:

"Mama, umesikia mwenyewe. Jumamosi unatakiwa kwa jirani, Disemba una mgeni, na Ruyigi kuna mtoto anakungoja. Sisi hatukuagi. Tuko hapa nyuma yako, na chakula kimeiva."

Picha haikufifia pole pole. Ilikatika ghafla, ili kelele za watu waliomo ukumbini zishike pale ilipokomea.

Filamu tuliihifadhi kama MP4 ya namna ya H.264, kwa sababu televisheni nyingi zilizotumika kwa miaka hazisomi ile namna mpya ya HEVC, nazo huandika tu kwamba faili haifai. Na siku mbili kabla ya sherehe mpwa alikwenda kuijaribu katika televisheni ile ile itakayotumika na kwa kadi ile ile ya kumbukumbu. Basi ilipofika jioni yenyewe hapakuwa na mtu aliyebonyeza vitufe kwa wasiwasi. Mama mkubwa aliketi mbele, akidhani ataonyeshwa harusi ya mjukuu. Makofi ya yule mzee yalipoanza naye aliitikia kwa makofi, akiinamia televisheni na kujibu kila habari aliyoulizwa, na hapo mpwa wangu alinitazama, nami nikajua kwamba ameelewa kwa nini zile sekunde 15 hazikustahili kukatwa.

Salamu ya Ruyigi ilipokwisha aliinua mkono, akataka isimamishwe. Tulidhani amezidiwa. Kumbe alitaka simu yake. Akampigia mwenzake pale pale, mbele ya watu wote, sauti ikiwa wazi, akamwambia kwamba maneno yote ni kweli isipokuwa moja: usiku ule mvua haikunyesha, ilikuwa mbalamwezi, na kanga ilikuwa ya kijani. Upande wa pili ukabisha, ukisema mvua ilinyesha sana hata hema likavuja. Wakaendelea kubishana kwa Kiha na Kirundi, kila mmoja akiwaita mashahidi wake, huku wajukuu wakiulizana nani anasema nini kwa kuwa safari hii hapakuwa na maandishi chini. Na ile sehemu ya filamu iliyobaki tuliitazama baada ya chakula.